Roboti ya majibu kwenye stoo ya dagaa: yapi ijibu yenyewe, yapi imwachie mtu

Stoo za dagaa za Mwaloni, Kirumba, zinauza kwa watu ambao wengi wao hawafiki Mwanza kabisa. Mteja yuko Dodoma, Mbeya au Dar es Salaam. Ameona picha ya magunia kwenye simu, anaandika "habari", halafu anasubiri. Anayetakiwa kumjibu yuko kwenye mzani, au yuko Nyegezi anahangaika kupakia mzigo kwenye basi. Jibu likichelewa hata nusu saa, mteja ameshaiandikia stoo nyingine.

Hapo ndipo kidirisha cha chati kwenye tovuti na roboti ya kujibu maswali vinaposaidia. Ndipo pia vinapoharibu biashara, kwa sababu roboti ile ile inayojibu haraka "Ndiyo, tunatuma mikoani" inaweza kumpa jibu hilo hilo mtu aliyeandika kwamba ametuma hela tangu jana na mzigo hauoni. Kuiweka roboti ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kuamua mapema ijibu nini na inyamaze wapi, na uamuzi huo ndio nitakaoufuata hapa tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wangu ni stoo ya jumla yenye watu watatu: mwenye mali, karani wa ofisini na mpakiaji wa mizigo. Ina tovuti ya kurasa mbili tatu na namba moja ya WhatsApp. Roboti ninayoizungumzia ni ile rahisi ya vitufe na maneno yaliyopangwa, inayotoa majibu uliyoyaandika wewe mwenyewe na si mengine.

Anza na daftari, si na programu

Kabla ya kugusa kitu chochote kwenye tovuti, chukua simu ya biashara, rudi nyuma miezi miwili mitatu, na uandike ujumbe wa wateja kama 200 jinsi ulivyo, na makosa yake ya herufi. Usiusahihishe. "Bei gn", "sh ngap gunia", "mpo wap", "mzgo wangu vp" ndiyo lugha ambayo roboti itakutana nayo. Ukijaza daftari kwa Kiswahili cha shuleni, utatengeneza roboti inayomwelewa mwalimu peke yake.

Pembeni ya kila ujumbe jibu maswali mawili. La kwanza: jibu la hili litabadilika lini? La pili: likitoka jibu lisilo sahihi, nani anaumia na kwa kiasi gani? Swali la kwanza watu hulifanya bila shida. La pili huwa wanaliruka, na ndilo lenye uzito zaidi. Mtu aliyeuliza stoo iko wapi akipata maelezo yasiyokamilika, atapiga simu akiwa barabarani. Mtu aliyeuliza kama hela yake imeingia akipata jibu lolote lisilotoka kwa mtu aliyeangalia salio, mmoja wenu anaweza kupoteza mtaji wa wiki nzima.

Ukimaliza, utaona ujumbe umejigawa wenyewe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la majibu yanayokaa miezi bila kubadilika: stoo iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, mnauza kuanzia kilo ngapi, mnatuma mikoani au hapana, mzigo unakwenda kwa njia gani, dagaa wa kula wanatofautianaje na wale wa chakula cha mifugo. Haya yape roboti yote.

Fungu la pili ni la majibu yanayobadilika kila siku: bei, na kama mzigo upo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaandika bei kwenye roboti siku ya kuifungua, wanaisahau, na baada ya wiki mbili mteja anakuja na picha ya skrini anadai auziwe kwa bei ile. Kwenye dagaa jambo hili ni zito kuliko kwenye bidhaa nyingine. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi inapokuwa pevu mwanga wa taa hupoteza nguvu, wavuvi wengi hupumzika, na mzigo unaoingia kutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine hupungua. Mvua nayo huzuia dagaa kukauka kwenye chanja na mchangani. Kwa hiyo bei ya Jumatatu inaweza isifike Ijumaa.

Njia salama ni roboti isitaje bei kabisa. Kazi yake kwenye swali la bei iwe kukusanya yale ambayo karani angeyauliza hata hivyo: wa kula au wa mifugo, magunia au kilo ngapi, mkoa gani. Karani akifungua simu anakuta yote matatu, anataja bei ya siku hiyo kwa ujumbe mmoja. Kama mwenye mali anasisitiza bei ionekane, kubali kwa sharti moja: jibu la bei liwe na tarehe ndani yake, na lijifute lenyewe. Bei ya leo iishe saa 12 jioni. Asubuhi kama hakuna aliyeingiza mpya, roboti irudi kwenye kuuliza maswali matatu. Bei isiyo na tarehe ya mwisho ni ahadi ambayo hukuikusudia.

Fungu la tatu ni la mtu, siku zote: hela iliyotumwa, mzigo ulioko njiani, mzigo uliofika na kasoro, punguzo la bei, mkopo, na kila anayesema ameumwa baada ya kula. Hili la mwisho halijibiwi kwa kuandika hata na mtu. Mwenye mali anampigia simu mteja mara moja, na gunia lililotoka kwenye fungu lile linawekwa kando hadi lijulikane.

Kuna swali moja ambalo wenzangu wengi huliweka fungu la kwanza, nami naliweka la tatu: namba ya kulipia. Ni kweli Lipa Namba haibadiliki. Lakini mteja akiipata kutoka kwa roboti kabla mtu hajathibitisha bei, mzigo na nauli ya basi, atalipa kiasi alichokikadiria mwenyewe, na kuanzia hapo mnadaiana. Karani aitoe yeye, mwishoni, pamoja na jumla kamili na jina la biashara litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri. Roboti iwe na sentensi moja tu kuhusu malipo: "Usitume hela kabla karani wetu hajakuthibitishia jumla." Sentensi hiyo inamlinda mteja pia dhidi ya matapeli wanaojifanya wewe.

Kitenzi kinakuambia ni kazi ya nani

Vitufe vinapunguza makosa, lakini watu wetu hawabonyezi vitufe kwa hiari. Wanaandika. Kwa hiyo roboti lazima isome maneno, na hapa Kiswahili kina msaada mkubwa ambao miongozo mingi haiutaji, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili yetu.

Tazama ujumbe huu minne: "Mnatuma Mbeya?", "Mmetuma?", "Nimetuma", "Haujafika". Mitatu ya kwanza ina shina moja la kitenzi. Ukiiambia roboti itafute "tuma", itaijibu yote kwa maelezo ya mabasi, na hapo umemkasirisha mtu mwenye hela yake mkononi mwako. Kinachotofautisha ni wakati wa kitenzi. Anayesema "mna-" anauliza desturi yenu, na desturi roboti inaijua. Anayesema "-me-", "-sha-" au "-ja-" anazungumzia jambo ambalo tayari limetokea au lilipaswa kutokea. Jambo hilo lina tarehe, lina kiasi, lina mtu, na roboti rahisi haiwezi kulijua.

Kanuni hiyo ndogo inatatua sehemu kubwa ya mgawanyo. Kwa tovuti ya stoo yetu inaandikwa hivi:

```js
function nani(ujumbe) {
  const u = ujumbe.toLowerCase();
  if (/\b(ni?|[mua])(me|sha|mesha)\w*(tum|lip)/.test(u)) return "mtu";
  if (/ja\w*(fik|pat|pok)|rudish|mzigo|mzgo/.test(u)) return "mtu";
  if (/\bmtu\b|karani|ukungu|umwa/.test(u)) return "mtu";
  if (/\bbei\b|ngap/.test(u)) return "bei";
  if (/wapi?\b|mnapatikana/.test(u)) return "mahali";
  if (/mnatum|mnasafirish/.test(u)) return "usafiri";
  return "sijaelewa";
}
```

Mambo matatu humo ndani yanahitaji maelezo. Mistari ya mtu iko juu, na huo ndio mpangilio pekee sahihi. Mteja akiandika "nimelipa bei ile mliyosema", neno "bei" lipo, lakini mstari wa kwanza umeshamshika. Ukiweka bei juu, roboti itamuuliza anataka magunia mangapi mtu ambaye ameshalipa.

Pili, ile `\w*` katikati ya mstari wa kwanza ipo kwa sababu watu hawasemi "nimetuma" peke yake. Wanasema "nimekutumia", "nimewatumia", "nmekutumia". Ukitafuta neno kamili utawakosa, na hao ndio hutakiwi kuwakosa. Kinyume chake, neno "mtu" limezungushiwa `\b` pande zote, ili liwe neno linalosimama peke yake. Bila hivyo "mtumie dada yangu kilo tano" litachukuliwa kuwa ni mteja anayeomba kuzungumza na mtu.

Tatu, neno "mzigo" limepelekwa kwa mtu moja kwa moja, ingawa anayeuliza "mnatuma mzigo Dodoma?" angeweza kujibiwa na roboti. Nimefanya hivyo kwa kukusudia. Swali jepesi likienda kwa karani, amepoteza nusu dakika. Swali zito likibaki kwa roboti, umepoteza mteja. Popote unapositasita, pandisha kwa mtu. Utakuja kulegeza baadaye, ukishaona ushahidi kwenye daftari.

Kuna "uko wapi" pia, ambayo inaweza kuwa "wewe uko wapi" au "mzigo uko wapi". Neno "mzigo" likiwepo, mstari wa pili umeshalichukua. Lisipokuwepo, roboti itoe maelezo ya stoo ilipo na imalizie kwa "Kama unaulizia mzigo uliokwishatumwa, andika MZIGO."

Salamu, sauti na picha

Mteja wa Kiswahili hufungua kwa salamu na kungoja aitikiwe. Roboti nyingi huhesabu "habari" au "shikamoo" kama ujumbe usioeleweka, na kwa kuwa roboti imepangwa imwite mtu baada ya kushindwa mara mbili, karani anaitwa kwa kila "mambo". Iwekee salamu jibu lake, fupi, na lisihesabiwe kama kushindwa: "Salama, karibu. Hii ni huduma ya majibu ya moja kwa moja ya stoo. Unaulizia dagaa wa kula, wa mifugo, au mzigo wako?" Usimmwagie orodha ya mambo kumi mtu aliyekusalimia. Na usiipe roboti jina la binti. Mteja anayedhani anaongea na mtu atajieleza kwa kirefu, atasimulia safari yote ya hela yake, kisha akapewa ratiba ya mabasi. Hasira inayofuata haitulizwi kwa urahisi. Akijua tangu mwanzo ni mashine, ataandika kwa ufupi na atasubiri kwa uvumilivu.

Ujumbe wa sauti na picha viende kwa mtu bila kujaribu kuvijibu. Wateja wengi wa rika la wazazi wetu hutuma sauti, na wanaotuma picha huwa wanaonyesha ama gunia lenye ukungu, ama ujumbe wa malipo. Roboti iseme tu: "Nimepokea. Karani atasikiliza na kukujibu." Kuhusu picha ya malipo, karani asiitegemee kamwe, hata ikiwa safi namna gani. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa kwa dakika chache. Kinachothibitisha ni salio na taarifa iliyoingia kwenye simu ya biashara yenyewe.

Kukabidhi

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama mteja atarudi. Roboti ikishaamua kwamba hili ni la mtu, kuna vitu vinne vinavyotakiwa kutokea, na kila kimoja kina namna yake ya kuharibika.

Kwanza, mteja aambiwe ukweli kuhusu muda. "Karani atakujibu hivi punde" haina maana saa 4 usiku. Ahadi iwe ile mnayoweza kuitimiza siku mbaya kuliko zote, siku ambayo mizigo ni mingi na umeme umekatika. Kwa stoo yetu: "Kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, karani atakujibu ndani ya dakika 30. Nje ya hapo atakujibu kesho kabla ya saa 4 asubuhi." Ni afadhali kuahidi nusu saa ukajibu kwa dakika kumi.

Pili, ichukuliwe namba ya simu mapema. Vidirisha vingi, ikiwa ni pamoja na tawk.to ambacho ni cha bure na wengi hukianza nacho, vina fomu inayouliza jina na barua pepe mhusika wa upande wako asipokuwepo. Badilisha, weka namba ya simu badala ya barua pepe. Mnunuzi wa dagaa wa Mbeya hasomi barua pepe. Na bando likimwishia akiwa katikati ya kuchati kwenye tovuti, mazungumzo yamekatika, na bila namba huna pa kumpata. Kumbuka kwamba ukishakusanya majina na namba, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: wanaokusanya taarifa hizo wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Omba unachokihitaji tu. Kitambulisho cha taifa hakihitajiki kununua dagaa.

Tatu, karani apokee maneno yote yaliyokwishasemwa. Hakuna kinachoudhi kama kujieleza mara mbili. Kwa stoo ndogo njia rahisi ni kidirisha kumpeleka mteja WhatsApp kwa kiungo ambacho tayari kina ujumbe ndani yake, uliojazwa kwa majibu yake:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari.%20Dagaa%20wa%20kula,%20magunia%204,%20Dodoma.%20Naomba%20bei.
```

Namba inaandikwa kwa 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Sifuri hiyo ikibaki, kiungo hakitafungua mazungumzo, na mteja ataona kosa upande wake bila wewe kujua. Kijaribu kwa simu nyingine, si hiyo ya biashara.

Nne, roboti inyamaze. Mtu akishaingia, roboti isiseme tena kwenye mazungumzo hayo hadi karani ayafunge au ipite siku nzima kimya. Bila kanuni hii utaona karani anatuliza mteja kuhusu mzigo uliochelewa, mteja anaandika "bei yenyewe nililipa kubwa", na roboti inadakia: "Karibu! Unahitaji magunia mangapi?"

Na karani anapoingia, sentensi yake ya kwanza ionyeshe amesoma. Hivi ndivyo inavyokwenda ikiwa imepangwa vizuri:

Mteja: Habari
Roboti: Salama, karibu. Hii ni huduma ya majibu ya moja kwa moja ya stoo. Unaulizia dagaa wa kula, wa mifugo, au mzigo wako?
Mteja: nmekutumia hela jana gunia mbili za dom mpk sasa kimya
Roboti: Nimekuelewa, hili ni la karani. Tafadhali andika namba ya simu uliyolipia. Atakujibu ndani ya dakika 30.
Mteja: [anaandika namba]
Karani: Habari ya asubuhi dada, pole kwa kusubiri. Mimi ndiye karani wa stoo. Nimeona malipo yako ya jana ya magunia mawili ya Dodoma. Yamepakiwa leo asubuhi Nyegezi, nakutumia picha ya risiti ya basi sasa hivi. Yakifika, ofisi ya basi watakupigia kwa namba hii uliyoniandikia.

Roboti hapo imefanya kazi mbili tu: imetambua "nmekutumia", na imechukua namba. Haikumwambia mteja kwamba malipo yamepokelewa, wala haikumpa ratiba ya mabasi.

Nani ndiye "mtu"

Maneno "mtu atakujibu" yana thamani kama mtu huyo anajulikana. Katika stoo ya watu watatu andikeni kwenye karatasi ukutani: hela na mizigo ni ya karani, ubora na punguzo ni la mwenye mali, karani akiwa benki, simu inabaki kwa nani. Taarifa ya ujumbe wa fungu la tatu ikikaa dakika 15 bila kuguswa, iende kwenye simu ya pili. Kama kidirisha chako hakiwezi kufanya hivyo, WhatsApp Business inaruhusu kuunganisha vifaa vinne vya ziada kwenye akaunti moja, kwa hiyo mwenye mali anaweza kuona mazungumzo yale yale kwenye kompyuta ya ofisini.

Kama huna tovuti kabisa, WhatsApp Business ya bure inakupa nusu ya kazi hii. Ina ujumbe wa salamu, unaokwenda kwa anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano. Ina ujumbe wa wakati haupo, unaoupangia saa zake. Ina pia majibu ya haraka, hadi 50, ambayo karani anayaita kwa kuandika alama ya `/` na kifupi chake. Salamu na ujumbe wa wakati haupo havisomi alichoandika mteja, vinakwenda kwa kila mtu vilivyo, kwa hiyo viandike bila kudhani chochote. Kingine cha kukumbuka mahali ambapo umeme hukatika: ujumbe wa wakati haupo hutumwa simu ya biashara ikiwa na mtandao. Simu ikizimika usiku, mteja hapati kitu. Iache kwenye chaji yenye betri ya akiba.

Ukikua na kuhamia kwenye mfumo mkubwa wa WhatsApp unaolipiwa kupitia wakala, kuna kanuni mbili zitakazokubana. Unaweza kujibu kwa maneno yako huru ndani ya saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mteja. Zikipita, unaruhusiwa kutuma ujumbe wa mfano uliokwishaidhinishwa tu. Na anayetumia majibu ya mashine humo analazimika kuweka njia ya wazi na ya haraka ya kumfikia mtu. Kwa hiyo ahadi ya "kesho kabla ya saa 4 asubuhi" iangaliwe upya: aliyeandika saa 3 usiku Jumamosi, na nyie Jumapili hamfungui, muda wake utakuwa umeisha kabla hujamjibu.

Kuijaribu na kuitunza

Kabla ya kuifungulia wateja, chukua ule ujumbe 200 wa daftarini na uupitishe wote kwenye roboti. Usitazame ni mingapi imejibiwa. Tazama jambo moja: je, kuna ujumbe wowote wa hela, mzigo au ugonjwa uliobaki kwa roboti? Hata mmoja ukibaki, rekebisha na urudie wote, kwa sababu neno jipya unaloliongeza linaweza kumeza ujumbe uliokuwa unakwenda sawa. Kisha mpe simu ya bei rahisi yenye bando dogo mtu aliyeko Nansio, afungue tovuti. Vidirisha vingine ni vizito na hutokea baada ya ukurasa wote kufunguka. Kwa hiyo namba ya simu iandikwe pia kwa maandishi ya kawaida juu ya ukurasa, ionekane hata kidirisha kisipotokea.

Ikishaanza kazi, kila Jumamosi karani achukue robo saa asome vitu viwili. Cha kwanza ni orodha ya "sijaelewa". Humo utakuta maneno mapya ya wateja, na mara nyingi utakuta swali ambalo hukulitarajia, kama "mnauza na sato wakavu?". Likijirudia, lipe jibu. Likitokea mara moja, liache. Cha pili ni mazungumzo yaliyoishia kwa roboti bila mteja kusema lolote tena. Hapo ndipo penye siri. Aliyepata alichokitaka na kuondoka, na aliyekata tamaa na kuondoka, wote wananyamaza sawa. Utawatofautisha kwa ujumbe wao wa mwisho: aliyekata tamaa huwa amerudia swali lile lile kwa maneno mengine, au ameandika alama ya kuuliza peke yake. Chagua wawili watatu wa namna hiyo, wapigie simu, waulize walikuwa wanatafuta nini.

Pima pia dakika kati ya roboti kusema "karani atakujibu" na karani kuandika neno la kwanza. Kama ahadi ni dakika 30 na wiki nzima wateja kadhaa wamesubiri zaidi, usiiguse roboti. Ama badilisha ahadi, ama ongeza mtu wa zamu mchana, hasa saa za kupakia mabasi.

Kuna siku ambazo roboti haitakiwi kuendelea kama kawaida: stoo imefungwa kwa msiba, mzigo umekwisha kabisa wakati wa mbalamwezi, au simu ya biashara imeibiwa. Kwa siku hizo andaa mapema jibu moja linalofunika mengine yote, na mwonyeshe karani na mwenye mali jinsi ya kuliwasha wenyewe bila kumtafuta aliyetengeneza tovuti. Kwa simu iliyoibiwa jibu hilo liseme wazi kwamba mteja asitume hela kwa namba yoyote hadi atakapopigiwa na mwenye mali, na liwashwe kabla ya kwenda polisi.